Nukta ya Vitunguu Swaumu

Mpishi wa shughuli alifika kwenye meza ya Mama Neema, soko la Tandika, akiwa na haraka ya kuwahi maandalizi ya harusi huko Mbagala. Mama Neema alipima alivyotaka, akaandika katika daftari lake la mistari, kisha akamwambia bintiye, mwanafunzi wa darasa la sita, apige picha ili simu ijumlishe, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa vumbi la maharage.

Mchele kilo 40 kwa 2,800.
Maharage kilo 12 kwa 3,000.
Vitunguu swaumu kilo 1.5 kwa 8,000.

Simu ilitoa jibu papo hapo, shilingi 268,000, na Mama Neema akamtajia mteja. Mpishi, ambaye fedha hazikuwa zake bali za kamati, alikwisha kufungua simu yake ili atume malipo.

"Mama, naomba asubiri kidogo," Neema alisema.

Alikuwa hajakokotoa chochote bado. Kilichomshtua ni kwamba katika mchanganuo ulioonekana kwenye kioo, vitunguu swaumu vilivyojaa mfuko mmoja mdogo vilikuwa vimefika 120,000, wakati mchele wote, ambao kijana wa mkokoteni alikuwa ameubeba kwa kuhema, ulikuwa 112,000. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaona kwamba nukta ya 1.5 ilikuwa imeangukia juu kabisa ya mstari wa daftari, chini ya kivuli cha turubai, hivi kwamba simu iliihesabu kuwa sehemu ya mstari na kusoma 15.

Alichukua kalamu, akajumlisha kwa mkono: 112,000, 36,000 na 12,000.

"Ni 160,000, shangazi. Ilizidi kwa 108,000."

Mpishi alimtazama Mama Neema, naye Mama Neema, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Samahani sana, dada yangu. Lipa hiyo ya mtoto."

Malipo yalipoingia na mteja kuondoka, Neema alidhani shughuli imekwisha. Mama yake, hata hivyo, alikuwa ameanza kufikiria oda nyingine, zile ambazo wateja hutuma bodaboda na kulipa bila kuuliza, kwani zote zilijumlishwa na simu hiyo hiyo.

"Rudi nyuma mpaka Ijumaa," alisema. "Angalia penye nukta tu."

Katika ukurasa wa tatu kulikuwa na tangawizi, kilo 2.5 kwa 4,000, nayo jumla ya siku ile ilikuwa imeihesabu kwa 100,000 badala ya 10,000. Neema alipoinua kichwa ili ataje tofauti ya 90,000, mama yake alikuwa tayari anaitafuta namba ya mteja huyo.