Kumkaribisha mgeni wetu: mkutano wa wakulima wa mwani, Paje

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, mama zangu, dada zangu, na kaka wachache mliokuja, habari za mchana. Mama mgeni, shikamoo.

Najua leo ni bamvua na wengi mmetoka pwani moja kwa moja, kanga bado zina chumvi. Ahsanteni kwa kuja. Maji sasa yanajaa, shamba halitufai tena mpaka kesho, basi tukae tumsikilize mgeni.

Kwanza niwaambie ukweli. Mwenzetu aliyemwalika mama huyu amekwenda msibani Makunduchi tangu alfajiri, na simu yake haipatikani. Mimi nimeambiwa nimtambulishe mgeni, lakini sikupewa karatasi yoyote: sijui amesoma wapi, amefanya kazi gani, wala leo amekuja kutuzungumzia nini. Sitamtungia sifa. Kumvisha mgeni sifa usizozijua ni kumkosea adabu, na mtu mzima kama yeye hastahiki hivyo. Jina lake na safari yake atatueleza mwenyewe, tena vitakuwa vitamu zaidi vikitoka kinywani mwake.

Nitakayoyasema ni yale niliyoyaona kwa macho yangu tangu alipofika.

Amefika kabla ya wakati. Tulimtolea kiti, akakikataa, akavua viatu akakaa mkekani pale penye kamba, alipokuwa bibi yetu mmoja anafunga mbegu. Akaomba aoneshwe. Akafunga taitai ya kwanza, ikalegea. Bibi akamfungulia, akamrudisha mwanzo. Akafunga tena, na tena, mpaka bibi akaivuta ile kamba na mwani usichomoke. Kisha akaokota kitawi kimoja kilichokuwa cheupe nchani, akauliza: "Huu umefanya nini?" Mama zangu watatu wakamjibu kwa pamoja, kila mtu na lake, na yeye hakumkata hata mmoja. Alisubiri mpaka wa mwisho akamaliza. Mimi nimehudhuria mikutano mingi katika banda hili, na wageni waliokuja kutufundisha nawakumbuka. Wa kutuuliza kwanza ni wachache. Kwa hilo tu, mama, mimi nimeshakuheshimu.

Kwa kuwa sina la kuwaambia zaidi juu yake, nina la kumwambia yeye juu yenu.

Mama, mbele yako wamekaa watu wa kazi. Kilimo cha mwani wa biashara kilianzia pwani hii yetu, hapa Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wengi walioibeba kazi hii tangu wakati huo ni wanawake. Wapo humu waliosomesha watoto kwa mwani, wakaezeka nyumba kwa mwani. Kazi yenyewe inakwenda na mwezi. Maji yakitoka usiku wa manane hatuwezi, yakitoka asubuhi tunaacha chungu jikoni tunakwenda. Tunapigilia vijiti, tunatandaza kamba, tunasubiri kama wiki sita, kisha tunavuna, tunabeba ukiwa umelowa maji, na mwani mbichi ni mzito. Migongo ya hawa unaowaona inaujua uzito huo.

Kilichotuumiza zaidi ni ile aina ya mwani tunayoiita kotonii. Ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, inapauka, inalainika, inakatika kwenye kamba ukiiangalia. Aina nyingine, spinosam, inavumilia, ila bei yake ndogo. Baadhi yetu wamehamia kwenye maji ya kina, na huko kunataka boti na kujua kuogelea, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa tulipokuwa watoto wa kike. Wengine wamegeukia sabuni ya mwani. Basi hili ndilo baraza ulilolijia. Ukizungumza juu ya bahari, watakufahamu. Ukizungumza juu ya pesa, afya, watoto au Mungu, pia watakufahamu, kwa sababu yote hayo wanayabeba kwenye tenga moja.

Na nyinyi mama zangu, ombi langu ni dogo. Simu tuzinyamazishe. Watoto waliolala muwalaze pale pembeni penye upepo. Maswali tuyaweke mpaka amalize, na yule mwenye swali lakini anaona haya kusimama, aninong'oneze mimi nitamuulizia. Tutafunga kabla ya adhana ya alasiri, In shaa Allah.

Mama, spika hii ukiishika karibu sana inakoroma, iweke mbali kidogo na mdomo. Ukitaka kuendelea kukaa mkekani, kaa, sote tutakusikia. Kamba yako uliyoifunga tumeiweka pembeni, kesho itaingia baharini pamoja na zetu.

Karibu sana.