Swali la Saba

Mwalimu Mushi aliweka karatasi mbili mezani. Swali la 7: 3(x − 4) = 18. Zote mbili ziliandika 3x − 4 = 18, kisha 3x = 22. Jibu sahihi ni 10.

"Neema, umeangalizia kwa Baraka. Sifuri, mtihani mzima."

"Sijaangalizia, mwalimu."

"Kosa ni lile lile, na unakaa nyuma yake."

Baraka, wa kwanza darasani tangu Kidato cha Kwanza, aliinamisha kichwa. Hakuulizwa kitu.

Karatasi ya Neema ilikuwa na hatua zote, na mstari mmoja umekatwa. Ya Baraka ilikuwa na mistari miwili na jibu. Na kosa lenyewe, kusahau kuzidisha 4 kwa 3, mwalimu alikuwa amelikuta kwenye karatasi nyingine tisa asubuhi ile.

"Nipe swali jingine kama hilo, mwalimu, nilifanye hapa hapa."

Mwalimu alitazama saa. Mwalimu wa taaluma alizitaka alama kabla ya saa nane.

Jadilini: Je, kosa linalofanana linatosha kuwa ushahidi? Kwa nini Baraka hakuulizwa? Neema akikosea swali jipya, itakuwa imethibitika nini?