Orodha ya sokoni, Jumamosi: watu wanne, wiki moja, bila nyama wala samaki

Mwanjelwa, kabla ya saa nne:
Maharage ya njano kilo 2. Chota kiganjani uangalie: yenye vitundu yameliwa na wadudu, na ya zamani hayaivi hata uyachemshe mchana kutwa. Yaloweke usiku kucha, umwage maji. Madini ya chuma yatafyonzwa vizuri zaidi.
Soya kilo 1, choroko kilo 1. Soya ichemshwe hadi ilainike kabisa, mbichi inazuia usagaji wa protini.
Karanga kilo 1, ufuta nusu kilo.
Ulezi kilo 2, dona kilo 5.
Majani ya maboga na mchicha, mafungu 8, tununue nusu tu, yaliyobaki Jumanne.
Ndimu 12, nyanya, pilipili hoho. Hizi si za ladha tu: vitamini C ndiyo inayosaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Chai inywewe saa moja baada ya kula, si pamoja na chakula.
Parachichi 6, vitunguu, mafuta lita 1.

Kwa muuza maziwa: lita 10, yachemshwe, na mtindi lita 4. Mayai trei 1. Vitamini B12 yetu yote inatoka hapa. Uyoga na mboga za majani havihesabiwi. Wiki ambayo maziwa yanakosekana, pita duka la dawa ununue vidonge vya B12, usiahirishe.