Badilisha kochi tu, sebule nyingine yote iache kama ilivyo

Nimeweka picha mbili hapa, ya kwanza ni sebule yetu na ya pili ni maski yake, zote 1536 x 1024. Kwenye maski, peupe ndo pa kuchora upya na peusi usiguse hata pikseli moja. Kinachobadilika ni kitu kimoja tu, kochi la kahawia lililoegemea ukuta wa nyuma. Picha hii ndo tutaamulia kama tununue kochi jipya au tubaki na la zamani, kwa hiyo nataka sebule ile ile, sio sebule nzuri zaidi.

Mahali pa kochi la kahawia weka kochi la watu wawili, mahameli ya kijani iliyokoza kama jani la mwembe lililokomaa, kitambaa kisiwe na maua wala mistari. Mikono yake myembamba na imenyooka, mgongo ni mmoja haujagawanyika, kikao kina mito miwili iliyoshonwa pindo, na miguu ni minne ya mbao ya rangi ya asali, sm 15 kwenda juu, kwa hiyo chini ya kochi lazima sakafu ionekane. Mito ya kuegemea usiongeze, shuka la kufunikia usiongeze.

Sasa hapa ndo naomba umakini. La zamani lina upana wa sm 220, jipya lina sm 160, sasa eneo jeupe la maski ni kubwa kuliko kochi lenyewe na USILINYOOSHE kochi mpaka lijaze weupe wote. Maski ni nafasi ya kufanyia kazi, sio umbo la kochi. Upande wa kushoto lianzie pale pale lilipoanzia la zamani, halafu kulia itabaki nafasi ya kama sm 60, hiyo ijaze kwa vitu vilivyokuwa vimejificha nyuma: ukuta ule ule wa krimu wenye rangi iliyochujuka kidogo, skatingi nyeupe iendelee bila kukatika na ikutane sawasawa na ile iliyo nje ya maski, na taili za kijivu zifuate mistari ya zile za jirani, zisianze upya na saizi yake. Pia kwenye hicho kipande cha ukuta kuna soketi ya umeme nyeupe ya matundu mawili, iko kama sm 30 kutoka sakafuni, haionekani kwenye picha kwa sababu kochi limeiziba ila ipo, ichore. Kingine usiweke hapo, si ua, si taa, si kikapu, paache patupu.

Kimeza cha mbao kilicho mbele kinaziba kipande cha chini cha kochi na nimekiacha nje ya maski makusudi. Kochi jipya lipite NYUMA yake, na katikati ya miguu ya kimeza uonekane mguu wa kochi au sakafu, kile ambacho kweli kingeonekana pale, sio rangi ya kahawia iliyobaki.

Mwanga unatoka dirisha la kushoto, ni wa alasiri, laini na wa njano kidogo, kwa hiyo mkono wa kushoto wa kochi ung'ae na wa kulia uwe na giza, na kivuli kiangukie kulia juu ya taili. Weupe wa maski nimeushusha mpaka sakafuni ili ubebe kivuli cha zamani pamoja na ule mng'ao wa kahawia kwenye taili, vyote vifutwe, mng'ao mpya uwe wa kijani hafifu sana. Kila mguu uwe na kakivuli keusi pale unapogusa sakafu, la sivyo kochi litaonekana linaelea. Kamera ilikuwa kama sm 140 kutoka chini, imenyooka, kwa hiyo juu ya kikao paonekane kidogo, na mistari ya kochi ielekee kule kule inakoelekea mistari ya taili.

Picha ni ya simu na pembe ya kulia ina chembechembe, basi sehemu mpya nayo iwe na chembechembe hizo hizo na ukali ule ule, isiwe safi kama picha ya katalogi. Mwanga na rangi za picha nzima usirekebishe, pazia usinyooshe, waya unaoning'inia karibu na dirisha usifute.

Rudisha picha nzima 1536 x 1024 bila kukata pembeni. Nataka mbili, tofauti yake iwe mikunjo ya mahameli peke yake, saizi na mahali pa kochi pawe sawa kwenye zote.