Dobi hodari kwenye madoa, goigoi kaunta: tathmini ya duka moja la draiklina

Vitambaa 12 vilipelekwa kwa awamu tatu ndani ya wiki sita: mashati matatu ya pamba, suruali ya kitani, suti ya sufu, blauzi ya hariri, sweta, gauni la polista, koti lenye vifungo vya plastiki, shuka, foronya na kitambaa cha meza. Tisa kati ya hivyo vilikuwa na doa linalojulikana asili yake na umri wake. Kila kimoja kilipigwa picha na kupimwa kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kuondoka nyumbani. Duka lina mashine ya pakloroethilini, dawa ya kusafishia nguo bila maji, mashine kubwa za kufulia kwa maji na meza ya kutolea madoa yenye bunduki ya mvuke. Bei zote hapa chini zimehesabiwa kwa kipimo cha shati moja, yaani gharama ya kufua na kupiga pasi shati la kawaida hapo dukani.

Tuanze na madoa, maana ndipo duka hili linapostahili sifa. Kati ya tisa, sita yalitoka kabisa: wino wa kalamu kwenye mfuko wa shati, chai ya siku tatu kwenye kitani, mafuta ya kupikia kwenye ukosi wa suti, damu ya wiki moja kwenye foronya, kutu kwenye shuka jeupe, na rangi ya mdomo kwenye polista. Mafuta si kipimo cha umahiri, kwa sababu pakloroethilini yenyewe huyayeyusha hata fundi akiwa amelala. Kipimo ni kutu na wino. Kutu ikiguswa na dawa ya klorini hukolea zaidi, na dobi asiyejua hukimbilia klorini akiona shuka ni jeupe. Fundi wa hapa alitumia asidi oksaliki, akasuuza vya kutosha, na kitambaa hakikudhoofika mahali pale. Wino nao aliutoa kwa alkoholi huku akiweka kitambaa cha kunyonya upande wa chini, kabla shati halijagusa maji. Ukianza na maji, wino husambaa na kuacha kivuli cha buluu kisichotoka.

Damu ilifuatwa kwa mpangilio sahihi: maji baridi, kisha dawa yenye vimeng'enya, na pasi mwishoni kabisa. Joto hugandisha protini ndani ya nyuzi, ndiyo maana foronya nyingi huharibikia kwenye ndoo ya maji moto. Na ieleweke kwamba vimeng'enya vinavyokula damu hula pia sufu na hariri, kwa kuwa nyuzi hizo nazo ni protini. Foronya ilikuwa ya pamba, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sawa.

Mawili yalipungua bila kuisha. Umanjano wa kwapa kwenye shati la pili ulitokana na chumvi za aluminiamu za dawa ya kuzuia jasho zilizochanganyika na jasho lenyewe kwa muda mrefu. Ukishafika hapo hakuna dobi wa kuahidi weupe wa dukani, na fundi alisema hivyo mapema bila kuzunguka. Doa la bizari ya manjano kwenye kitambaa cha meza liligeuka jekundu lilipokutana na sabuni. Hiyo ni tabia ya manjano kwenye kitu chenye alkali, wala si uzembe wa mtu. Baada ya kusuuzwa lilirudi kuwa njano hafifu, na fundi akashauri kitambaa kianikwe juani kikiwa na unyevu, kwani rangi ya manjano haivumilii mwanga. Alasiri mbili za jua zilimaliza kazi. Ushauri huo hakuutoza chochote, ingawa angeweza kukirudisha kitambaa mashineni na kudai malipo mapya.

Doa la tisa ndilo lililotibuka. Blauzi ya hariri ya kijani ilikuwa imemwagikiwa maji ya matunda yaliyokauka bila kuonekana. Mhudumu wa kaunta aliambiwa, akaoneshwa mahali penyewe karibu na mshono wa kushoto, akaitikia kwa kichwa. Kwenye risiti aliandika maneno mawili tu: "blauzi, hariri." Sukari haiyeyuki kwenye pakloroethilini. Ilipita mashineni salama, ikafika kwenye pasi, joto likaiunguza kama sukari inavyoungua sufuriani, na doa lisiloonekana likawa baka la kahawia la ukubwa wa sarafu. Tone la maji na mvuke kabla ya kuingia mashineni lingelitoa. Fundi hakukosea, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Karibu kila kasoro iliyojitokeza katika wiki hizo sita ilizaliwa pale kaunta, baina ya kinywa cha mteja na kipande cha karatasi.

Koti ni mfano wa pili. Lilikuwa na vifungo sita vya plastiki, na viwili vilirudi vimelainika na kuganda kwenye karatasi ya kufungia. Kuna plastiki zisizostahimili pakloroethilini, hasa polistirini, na dobi mzoefu hukagua vifungo, akavifunika kwa karatasi ya aluminiamu au kuvitoa kabla ya kuosha. Jibu la kwanza la kaunta lilikuwa kwamba vifungo vibovu ni vya aliyeshona koti. Kwa haki, hoja hiyo ina uzito: lebo ilikuwa na duara lenye herufi P, alama inayoruhusu pakloroethilini kwa nguo nzima, na kama kifungo hakiwezi kuistahimili basi mtengenezaji ndiye aliyeweka lebo isiyo kweli. Lakini kujua hivyo ndiyo kazi anayolipwa dobi. Msimamizi alipoitwa alikubali bila ubishi mrefu, akabadilisha vifungo vyote sita ili vifanane, bure, kwa siku nne. Hapo alifanya vizuri kuliko kushona viwili visivyolingana na vingine.

Uharibifu mwingine ulikuwa mdogo. Suruali ya suti ilirudi na mng'ao kwenye mishono ya mifuko, dalili ya pasi iliyokandamizwa moja kwa moja juu ya sufu bila kitambaa cha kati. Mvuke na brashi laini viliuondoa papo hapo mbele ya mteja. Sweta lilikuwa na urefu wa sentimita 66, likarudi na 65, tofauti isiyostahili malalamiko. Sufu iliyofuliwa vibaya kwa maji moto na msukosuko hunywea sana na kuwa nzito kama mkeka.

Masharti nyuma ya risiti ni magumu zaidi ya matendo ya msimamizi. Yanasema fidia haizidi mara kumi ya gharama ya kusafisha, malalamiko yafike ndani ya saa 24, na duka halihusiki na vifungo, zipu wala mapambo. Saa 24 ni chache kwa nguo inayofunguliwa siku ya kuvaliwa. Zaidi ya hapo, masharti hayajabandikwa ukutani, hivyo mteja huyaona akishalipa. Anayepeleka nguo hapa aifungue kaunta, aangalie ukosi, makwapa, pindo na bitana kwenye mwanga, na akiona kasoro aiandikishe kwenye nakala zote mbili za risiti kabla hajatoka mlangoni.

Kuhusu muda, ahadi ni saa 48. Awamu ya kwanza ilitoka baada ya saa 47. Ya pili ilichukua saa 74, na sababu iliyotolewa iliaminika: nguo chache za rangi kali zilingoja zenzake ili mashine isizunguke nusu tupu. Mzunguko mmoja wa mashine ya pakloroethilini ni takriban saa moja pamoja na kukausha. Muda uliobaki ni foleni, meza ya madoa na pasi. Kosa ni kwamba hakuna aliyepiga simu kueleza. Awamu ya tatu iliombwa kwa haraka, kwa nyongeza ya nusu ya bei, ikatoka kwa saa 22. Ila suti iliyokuwamo ilinuka dawa. Harufu hiyo maana yake ukaushaji ulikatizwa, na dawa imebaki kwenye pedi za mabega na bitana. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka pakloroethilini katika kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo si harufu ya kuzoea. Suti ilirudishwa, ikakaushwa tena bila malipo. Kwa vyovyote, mfuko wa plastiki uvuliwe mara nguo ifikapo nyumbani, na nguo itundikwe penye hewa kabla ya kuingia kabatini. Huduma ya haraka inafaa kwa mashati. Kwa suti na makoti yenye pedi, hapana.

Bei za ubaoni ni nzuri. Suruali ni shati moja na nusu, gauni mashati matatu, suti manne. Tatizo ni yasiyoandikwa ubaoni. Doa la chai liliongezewa nusu shati kwa jina la "huduma ya doa," wakati wino, ulio kazi kubwa zaidi, haukuongezewa kitu. Shati la kike la pamba, lisilo na marinda wala urembo, lilitozwa 1.8. Maelezo yalikuwa kwamba mashine ya kupigia pasi mashati haikubali saizi ndogo, kwa hiyo hupigwa kwa mkono. Sababu hiyo ni ya kweli katika kazi hii, lakini shati la kiume la saizi ndogo kuliko hilo lilitozwa 1. Kama kinachotozwa ni kazi ya mkono, kitozwe kwa wote.

Ufuaji wa kilo unahitaji jicho kali zaidi. Mzigo uliopimwa nyumbani ukiwa mkavu ulikuwa kilo 5.8. Kaunta ulisoma 6.2, kwa kuwa kapu la plastiki liliachwa juu ya mizani, kisha ukapandishwa hadi kilo 7 kamili. Alipoombwa kuondoa kapu, mhudumu aliondoa bila kununa na mzigo ukalipiwa kwa kilo 6.

Blauzi ya kijani ilipewa nafasi ya pili. Fundi aliloweka baka kwa maji vuguvugu, akalitia peroksaidi ya haidrojeni iliyozimuliwa sana, akijaribu kwanza ndani ya mshono ambako haionekani. Klorini hakuigusa, maana hariri huiva njano na kukatika nayo. Ukahawia ulitoka kwa sehemu kubwa, ila kijani cha mahali hapo kimefifia kidogo na kinaonekana mchana. Duka lilirudisha gharama yote ya kusafisha, likakataa fidia ya blauzi yenyewe kwa kuwa risiti haikutaja doa lolote.