Majibu ya asilimia, karatasi uliyopiga picha

Mwanangu, hesabu hizi hapa.

1. Dagaa wa Kibirizi: kununua sh. 80,000, kuuza sh. 92,000. Faida asilimia ngapi?
Faida = 92,000 − 80,000 = 12,000
12,000/80,000 × 100 = 15%
Gawanya kwa bei ya kununulia, siyo ya kuuzia.

2. Wasichana 35% ya wanafunzi 240:
35/100 × 240 = 84

3. Dumu la mawese, baada ya punguzo la 20%, sh. 36,000. Bei ya awali?
Hili ndilo la mtego. Ukiongeza 20% ya 36,000 utapata 43,200, na umekosa, kwa sababu punguzo lilitoka kwenye bei ya awali.
100% − 20% = 80%
80% = 36,000
1% = 36,000 ÷ 80 = 450
100% = sh. 45,000
Hakiki: 45,000 − 9,000 = 36,000.

La 4 limekatwa pembeni. Piga picha tena, mchana.