Sosholojia ya Elimu: Jibu la Swali la 3

Mtihani wa muhula, mwaka wa pili. Swali la 3 (alama 25, muda saa moja): "Mlango wa chuo kikuu uko wazi kwa kila mwenye akili na bidii." Ijadili kauli hii kwa mtazamo wa nadharia ya mgogoro, ukitumia mifano ya Tanzania.

Jibu

Kauli iliyomo kwenye swali ni ya kiuamilifu, yaani ya mtazamo unaoiona kila sehemu ya jamii kuwa na kazi inayoinufaisha jamii nzima. Kingsley Davis na Wilbert Moore walidai mwaka 1945 kwamba katika kila jamii zipo kazi muhimu kuliko nyingine, na ili zipate watu wenye uwezo lazima ziwe na malipo na heshima kubwa zaidi. Kwa mtazamo huo elimu ni chekeche: punje nzuri hubaki, makapi hupita. Nadharia ya mgogoro haikatai kwamba chekeche lipo. Inauliza ni nani aliyetoboa matundu yake, na alikuwa anapima nafaka ya shamba la nani. Nitatetea hoja moja: mlango wa chuo kikuu hapa kwetu hauchagui mtu. Unagonga muhuri juu ya uchaguzi uliokwisha kufanyika miaka mingi nyuma, na kwa kuwa muhuri huo unaitwa "ufaulu", aliyeachwa nje hujilaumu mwenyewe.

Msingi wa nadharia hii ni Karl Marx, aliyeiona jamii kuwa uwanja wa mapambano kati ya wanaomiliki nyenzo za uzalishaji na wanaouza nguvu kazi yao. Samuel Bowles na Herbert Gintis (1976) waliipeleka hoja hiyo shuleni wakaonyesha ulinganifu kati ya darasa na kiwanda: mtoto wa tabaka la chini hufundishwa kutii kengele, mtoto wa tabaka la juu hufundishwa kuamua. Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, walioichunguza Ufaransa, waliongeza kwamba fedha si mtaji pekee. Kuna mtaji wa kiutamaduni, yaani lugha, vitabu, namna ya kuongea na kujiamini mbele ya wakubwa. Shule huupima mtaji huo bila kuufundisha, kisha huuita kipaji. Randall Collins (1979), akimfuata Max Weber, alisema vyeti ni silaha ya makundi ya hadhi kulinda nafasi zao.

Historia yetu inaipa nadharia hii nguvu kubwa. Chini ya Waingereza shule zilitenganishwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Hata ndani ya elimu ya Waafrika, shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920 ikilenga watoto wa machifu, kwa sababu utawala uliopitia kwa machifu ulihitaji warithi wanaojua kusoma na kuandika. Julius Nyerere mwenyewe, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alipita Tabora kisha Makerere. Akili zake hakuna anayezibishia. Ila wengi wa wavulana wa rika lake ambao baba zao hawakuwa machifu, na karibu wasichana wote wa rika hilo, hawakupimwa kabisa. Upande mwingine, wamisionari walijenga shule nyingi kulikokuwa na hali ya hewa nzuri na zao la kahawa, hasa Kilimanjaro na Bukoba, na pengo kati ya maeneo hayo na mikoa ya kusini na ya kati lilidumu muda mrefu baada ya uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na fani moja tu ya sheria na wanafunzi wasiofika ishirini.

Tukio la Oktoba 1966 linaonyesha jinsi wasomi wanavyoweza kuwa kundi lenye maslahi yake. Wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima na makato ya mshahara yaliyoambatana nalo. Nyerere aliwafukuza zaidi ya mia tatu na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ilitoka hati yake ya Elimu ya Kujitegemea, iliyolalamika wazi kwamba shule za kikoloni zilitengeneza kikundi kidogo kinachojiona bora kuliko wakulima wanaokilipia. Naiona hati hiyo kuwa ya kimgogoro kwa kiasi kikubwa, ingawa mwandishi wake hakupenda kuieleza Tanzania kwa lugha ya matabaka ya Ulaya.

Sasa nije kwenye lugha, ambako naamini ndiko uchaguzi halisi unakofanyika. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari ya kidato cha kwanza anaambiwa baiolojia, jiografia na historia sasa ni kwa Kiingereza. Mwenzake aliyelipiwa ada shule ya inglishi midiamu tangu chekechea haoni badiliko lolote. Wote wawili watafanya mtihani uleule wa kidato cha nne, siku ileile, na matokeo yatasomwa kana kwamba walianzia mstari mmoja. Hapa Bourdieu anaeleweka bila kufafanuliwa: kinachopimwa kwenye karatasi ya jiografia ni jiografia pamoja na Kiingereza cha nyumbani. Tume ya Makweta, iliyoundwa na serikali kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikakitaja tena Kiswahili, lakini mitihani ya sekondari ikabaki ilivyokuwa. Nadharia ya mgogoro inatutaka tuulize nani anafaidika na kusitasita huko. Mzazi mwenye uwezo wa kununua Kiingereza ana bidhaa ambayo thamani yake ingeshuka siku kila mtoto akisoma kwa lugha anayoielewa.

Juu ya lugha kuna shule zenyewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 shule za kata zilijengwa kwa kasi nchi nzima, na hilo lilikuwa jambo kubwa: maelfu ya watoto ambao wangeishia darasa la saba walivaa sare za sekondari. Lakini majengo yalitangulia walimu. Natoa mfano ninaoujua kwa macho. Nilisoma shule ya kata ambayo kwa miaka miwili haikuwa na mwalimu wa fizikia. Maabara ilikuwa chumba chenye meza na kabati tupu. Darasani tulikuwapo walioshika hesabu haraka kuliko mimi. Hakuna aliyewaambia kuwa hawatakuwa madaktari wala wahandisi. Walijikuta tu hawana alama za kuingia mchepuo wa PCB au PCM, na wakaamini kuwa sayansi "iliwashinda". Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni sifuri kabla ya matokeo kupangwa upya, yalionyesha jambo hilo kitaifa. Haiwezekani zaidi ya nusu ya vijana wa nchi wakakosa akili mwaka mmoja. Kilichokosekana kilikuwa nje ya vichwa vyao.

Muamilifu atajibu kwamba serikali imeondoa vikwazo vya fedha: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ipo tangu sheria ya mwaka 2004. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Mimi mwenyewe naishi kwa bumu. Lakini tazama mkopo unakuja wapi katika safari. Unakuja mwishoni, kwa aliyekwisha kuvuka Kiingereza, maabara tupu, tuisheni ya jioni asiyoweza kuilipia, na umbali wa kwenda shule. Hata kuuomba kunataka mtaji: ada ya maombi, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, vyeti vya vifo kwa yatima, mdhamini, saini za serikali ya mtaa, na mtandao wa kupakia hayo yote. Kwa mtoto wa mtumishi wa umma hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa mtoto wa mfugaji wa Simanjiro ni nauli za safari kadhaa. Baada ya kuhitimu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yanamkata mnufaika asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Aliyelipiwa na baba yake anaanza kazi na mshahara mzima, kiwanja anakinunua mapema, na watoto wake wanaanzia mbele. Hivyo mkopo unamwingiza maskini chuoni na wakati huohuo unalihamishia pengo la matabaka kwenye hati ya mshahara.

Mtazamo wa jinsia ndani ya nadharia hii unahitaji angalau aya moja. Hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba akiwa mwanafunzi hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali, wakati mvulana, kama hakushtakiwa, aliendelea na masomo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kanuni inayomwondoa mtu kwenye njia ya chuo kikuu bila kugusa akili yake.

Hoja ya Collins inafika mbali zaidi ya lango. Kadiri wahitimu wanavyoongezeka, waajiri wanapandisha kiwango cha cheti wanachotaka kwa kazi ileile, na digrii peke yake haitoshi tena. Hapo ndipo vijana husema "koneksheni", na kwa maoni yangu hilo ni jina letu la mtaani la kile Bourdieu alichokiita mtaji wa kijamii.

Nadharia ina udhaifu wake. Bowles na Gintis wanaichora shule kama mashine isiyokosea, ilhali kuna watoto wa wakulima wanaofika Muhimbili na Sokoine kila mwaka, na kuna walimu wanaofundisha jioni bila malipo kwa sababu wanawapenda wanafunzi wao. Nadharia hujibu kwamba wachache wanaopenya huufanya mfumo uonekane wa haki. Jibu hilo nalikubali nusu tu, maana linamfanya kila anayefaulu kuwa pambo la mfumo, na linafuta juhudi zake. Pia nadharia iliyozaliwa kwenye viwanda vya Ulaya na Marekani haielezi vizuri nchi ambako waliomiliki shule kwa muda mrefu walikuwa serikali na madhehebu, si mabepari. Pengo la mjini na kijijini hapa kwetu lina uzito unaokaribia ule wa tabaka.

Hata hivyo, kwa swali lililoulizwa, nadharia ya mgogoro inaona ambacho uamilifu hauwezi kukiona. Uamilifu unawahesabu walioomba chuo na kulinganisha waliopata na waliokosa. Wale wenzangu wa shule ya kata walioshika hesabu haraka kuliko mimi hawamo hata miongoni mwa waliokosa, kwa sababu hawakuwahi kuomba.